Hapa Hakuna Mshahara

Fundi alimpa Sindano meza, kompyuta na agizo moja: aandike tangazo la kutafuta mawakala wa mauzo, na liwe tamu.

"Tamu kiasi gani?" Sindano aliuliza.

"La kumfanya mtu asimame barabarani. Wewe si ndiye meneja mauzo? Lugha ya matangazo haya unaijua."

Fundi alikuwa amepanda nguzo za watu wengine mpaka goti likagoma, ndipo akaanza kuvuta nyaya zake mwenyewe. Kampuni yake ilikuwa changa. Iliuza intaneti ya majumbani kwa mitaa michache nyuma ya soko, na ofisi yenyewe zamani ilikuwa duka la nguo. Kile kijichumba cha kujaribia nguo, na pazia lake la maua, ndicho kilichokuwa stoo ya vifaa. Fedha za kuwalipa wauzaji mishahara hakuwa nazo. Alikuwa na nyaya nzuri, mafundi wawili, na kamisheni kwa kila mteja atakayeletwa. Mafundi hao wawili ndio waliompa bibie yule jina la Sindano, kwa sababu alikuwa kimya, lakini akisema, mtu aliruka.

Lugha hiyo aliijua, ndiyo. Ilikuwa imemmeza akiwa mzima.

Kabla ya hapo alikuwa keshia wa duka la dawa. Kazi ndogo, kiti kigumu, lakini mshahara ulifika kila mwezi kama kodi ya nyumba inavyofika. Kisha akaliona tangazo la shemeji yake, mume wa dada yake wa toka nitoke. Mwanamume huyo alitaka kila mtu amwite Mkurugenzi, hata watoto wake, ingawa ukurugenzi wenyewe ulikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi. Alikuwa wakala wa kampuni kubwa ya mtandao, na alikuwa akikusanya vijana wa kumuuzia. Tangazo lake lilisema: mshahara mnono, marupurupu, kipato kisicho na kikomo, nafasi ni chache.

Sindano akaacha kazi. Shemeji ni shemeji, alijiambia, hawezi kunichimbia shimo.

Siku ya kwanza aliuziwa begi na fulana. Alipouliza mshahara, Mkurugenzi akacheka kwa upole na kusema unaanza mtu akifikisha lengo. Lengo lenyewe lilikuwa kama kivuli chako jioni, ukilikaribia linasogea. Hata hivyo Sindano alikuwa na mdomo na miguu. Akapangiwa Jengo la Bluu, ghorofa za wapangaji karibu na stendi, akapanda ngazi mpaka akawajua watoto wa kila korido kwa majina. Watu wengi wakajiandikisha na kulipa kianzio cha kufungiwa laini.

Mafundi hawakuja. Akapiga simu ofisini. Aliyepokea simu za ofisi ile alikuwa dada yake.

"Vumilia, mdogo wangu. Mafundi wako njiani."

Akavumilia. Akapiga tena, akaambiwa wako njiani. Wapangaji walianza kumsimamisha, kisha kumtukana, na mwisho mama mmoja alimshika begi kwenye ngazi, akalimwaga, akaita majirani waje wamwone mwizi. Siku ile ndipo alipojua kwamba nyaya za kampuni ile hazikuwa zimefika upande wa Jengo la Bluu, wala hazikuwa kwenye mpango wa karibuni. Mkurugenzi alijua. Na dada, aliyekuwa akipokea ripoti za mafundi kila asubuhi, alijua pia. Bila laini kufungwa hakuna kamisheni, na kwa vianzio vilivyochelewa kurudishwa, ofisi iliwaambia wateja kuwa wakala ndiye aliyezembea.

Sindano alihama chumba chake kwa aibu ya kodi iliyomshinda, akarudi kwa wazazi. Siku moja familia ilipokusanyika, baba aliuliza ile biashara iliishia wapi. Mkurugenzi aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo.

"Baba, kuna watu na kuna wauzaji. Mvivu akishindwa, husingizia mfumo."

Baba akamgeukia bintiye. "Yaani umeshindwa hata kwa shemeji yako?"

Dada alikuwa akimimina maji kwenye bilauri. Aliendelea kumimina. Hakumwaga hata tone.

Siku ile Sindano alilimeza lile neno la shemeji, likamkaa kifuani kama mfupa, na kwa mwaka mzima na zaidi alizunguka nalo. Alijiunga na Fundi kama wakala wa kawaida, akauza, akapanda, akawa meneja. Na sasa alikuwa ameambiwa aandike tangazo.

Aliandika akiwa amekaza taya, na kwa kila sentensi aliyoiandika aliiona sura ya shemeji yake mbele yake. Alichokuwa akijiuliza ni kimoja: yule bwana alificha nini hapa? Akishapata jibu, hilo ndilo analoliandika.

*TUNATAFUTA MAWAKALA WA KUUZA INTANETI YA MAJUMBANI. HAPA HAKUNA MSHAHARA. Soma mpaka mwisho kabla ya kupiga simu.*

*Hatutakulipa mshahara, nauli wala vocha. Utalipwa kamisheni peke yake. Kila mteja utakayemleta anakupa kiasi sawa na ada yake ya mwezi mmoja. Inahesabiwa mteja akishafungiwa laini na kulipa mwezi wa kwanza, na unaipokea mwisho wa mwezi unaofuata. Kwa hiyo utakaa wiki kadhaa bila kuona kitu, na nauli itatoka mfukoni mwako. Mteja akiacha huduma kabla ya miezi mitatu, kamisheni yake tunaikata kwenye malipo yako yajayo.*

*Kipato kikoje? Mwezi wa kwanza wengi hupata wateja wawili au watatu. Mwezi uliopita mawakala wetu wawili walipata sifuri. Aliyezoea hupata saba au nane, na hiyo ni karibu sawa na mshahara wa mlinzi wa getini, kabla hujatoa nauli. Ni mmoja tu aliyewahi kuvuka ishirini kwa mwezi, naye ni fundi cherehani anayejuana na mtaa mzima. Karibu nusu ya waliojiunga nasi waliacha kabla ya mwezi wa tatu.*

*Hulipi chochote kujiunga. Begi, fulana na mafunzo ni bure. Utapewa ramani ya nyumba ambazo nyaya zetu zimefika kabla hujagonga mlango wa mtu. Unaweza kuifanya kazi hii pamoja na nyingine. Kama una kazi yenye mshahara, usiiache kwa ajili yetu.*

*Ukiahidiwa mshahara mahali pengine kwa kazi kama hii, omba mkataba, uusome kwanza.*

Fundi alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Hili ni tangazo au tanzia?"

"Uongo uko wapi hapo?"

"Haupo. Ndiyo shida yenyewe." Alikuna goti. "Nani atakuja?"

"Atakuja mtu anayejua anakuja kufanya nini. Wale watano wa mwisho uliowapa maneno matamu, yuko wapi hata mmoja? Umewafundisha, umewapa fulana, sasa wanazilalia."

Fundi alijua hilo ni kweli. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na huu? Huu unamsema nani?"

"Unamsema anayejijua."

Fundi alikuwa mtu mzima, na akajua kuna moshi hapo na moto wake uko mbali. Alichofanya ni kufungua kumbukumbu za malipo na kuhakikisha zile takwimu ni sahihi, moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Kama ni vita vyako, usiniletee maiti ofisini. Libandike."

Sindano alilisambaza kwenye makundi ya simu na kwenye ukurasa wa kampuni. Kisha akachapisha nakala kubwa, akaenda mwenyewe na gundi, akaibandika kwenye ukuta wa duka la fotokopi lililotazamana na ngazi za ofisi ya Mkurugenzi, pale ambapo mawakala wake husimama asubuhi kusubiri kupangiwa mitaa. Aliisugua karatasi kwa kiganja mpaka kila pembe ikashika.

Siku za kwanza watu walicheka. "Asanteni kwa kutuandalia njaa mapema," mmoja aliandika chini ya tangazo. Mwingine akasema, "Angalau huyu mwizi amepiga hodi." Wengine waliuliza kwa dhati: Je, mteja akihama nyumba? Kodi inakatwa? Mtu akiugua? Sindano aliwajibu wote, wazi, bila sukari. Ukiugua hulipwi, kwa sababu hujauza. Mteja akihamia kwenye nyaya zetu kamisheni yake haikatwi, akihamia nje ya nyaya inakatwa. Kila jibu lilizaa watu wapya wa kusoma.

Lakini macho yake yalikuwa yakimsubiri mtu mmoja. Alimjua shemeji yake. Huyo angeweza kupita penye mbwa wawili wanaogombana akasimama kutoa neno la busara.

Akaja. Sindano alikuwa kwenye chumba alichopanga upya, anakatakata vitunguu simu ilipolia, na hapo kwenye kioo jina lilijileta lenyewe: "Hili ni tangazo la aibu. Vijana, msikubali kudhalilishwa. Kwetu mawakala WOTE wana mshahara wa kila mwezi pamoja na kamisheni. Karibuni ofisini. Mkurugenzi."

Aliweka kisu chini. Macho yalikuwa yakimtoka machozi ya vitunguu na alikuwa akicheka.

"Ingia, baba," aliiambia simu. "Ingia ndani kabisa."

Akapiga picha ya maneno yale, na hakujibu. Alijua si yeye anayepaswa kujibu. Vitunguu vilikuwa bado havijaiva jibu la kwanza lilipotokea, kutoka kwa wakala mmoja wa Mkurugenzi mwenyewe, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa gundi ya karatasi, aliyefanya kazi pale muda mrefu kuliko wote.

"Mkurugenzi, mshahara upi?"

Likaja la pili: "Mimi nina mwaka hapo. Nidai wapi?" Kisha la tatu, la nne. Mkurugenzi alifuta maneno yake, lakini Sindano alikuwa ameshaituma ile picha kwa kila namba aliyobaki nayo tangu enzi zake, na kutoka hapo ikasafiri yenyewe. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu lile neno la kijiko.

Kilichofuata alisimuliwa na yule mtu wa miwani, ambaye wenzake walimwita Miwani, alipokuja ofisini kwa Fundi na wenzake wanne kuuliza nafasi.

"Tulipanda ngazi wote," Miwani alisema, akiwa ameshika fulana ya zamani mkononi kama ushahidi. "Tukamwekea picha mezani. Tukamwambia, bosi, umeandika wote tuna mshahara, basi tunaomba wa miezi tuliyofanya. Akasema lengo. Tukasema kwenye maneno yako lengo halipo. Akasema mkataba uko kwa mwanasheria. Tukasema mwanasheria gani, tumpigie. Akatufukuza."

"Mkaondoka?"

"Tukaenda ofisi ya kazi ya serikali. Na picha yetu. Halafu tukaenda kwa ile kampuni kubwa, tukawaambia pia habari ya vianzio anavyochukua kwenye nyumba zisizo na nyaya. Hilo ndilo lililowaamsha. Mishahara yetu haikuwauma, jina lao ndilo liliwauma."

Sindano aliwasomea tangazo lile lile, neno kwa neno, ingawa walikuwa wameshalisoma ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kwa kila kundi. Akimaliza alifungua mlango na kusema, "Asiyeridhika atoke sasa. Nauli yake imepotea, lakini miezi yake bado anayo." Wawili walitoka, bila chuki. Miwani alibaki.

"Dada yangu," alisema, "njaa nilikuwa nayo siku zote. Tofauti ni kwamba leo nimeambiwa."

Kampuni kubwa haikuchukua muda mrefu. Ilituma mkaguzi, mkaguzi akapanda ngazi za nyumba chache, na mkataba wa Mkurugenzi ukasitishwa. Siku kibao chake kiliposhushwa Sindano alipewa habari na mwenye duka la fotokopi. Akaomba ruhusa, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara. Alinunua chungwa, akalimenya polepole. Kijana wa ngazi alifungua skrubu, kibao kikainama upande mmoja, kikabaki kikining'inia, na Mkurugenzi alikuwa chini akitoa maelekezo ya jinsi ya kukishusha, kama vile alikuwa anakizindua. Sindano alikula chungwa lote mpaka maganda yakamnata vidoleni. Hakuwahi kula chungwa tamu namna ile.

Shemeji alimwona. Walitazamana juu ya magari. Sindano alimpungia mkono.

Jioni hiyo baba alipiga simu.

"Umevunja nyumba ya dada yako."

"Baba, mimi niliandika tangazo la kazi."

"Usinichezee! Mkwe wangu anasema umemwandama."

"Nilisema kwetu hakuna mshahara. Yeye ndiye aliyesema kwake upo. Muulize wewe kama mshahara huo ulikuwepo." Akahamishia simu sikio la pili. "Siku ile uliniuliza mbele ya watu kama nimeshindwa. Na yeye muulize mbele ya watu."

Baba akakata. Sindano aliweka simu kifudifudi na kuendelea kupanga ratiba.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kundi jipya la waombaji. Viti vilijaa, wengine wakakaa kwenye maboksi ya vifaa. Sindano alikuwa amefika kwenye habari ya mteja anayeacha kabla ya miezi mitatu alipoinua macho akaona, karibu na pazia la maua, mwanamke aliyevaa viatu vya kutembelea na blauzi iliyopigwa pasi vizuri. Dada yake.

Sindano alisoma mpaka mwisho, akafungua mlango, akasema maneno yake ya siku zote, na safari hii alikuwa akimtazama mtu mmoja. Watatu walitoka. Dada hakusogea. Wengine walipoingia upande wa mafunzo, Sindano akamzuia kwa mkono.

"Umetumwa?"

"Nimesoma tangazo."

"Limekuwa mtaani siku zote."

"Na mimi nimekuwa nikilisoma siku zote. Pale ukutani, kila nikienda ofisini. Siku ya kwanza nilitaka kulichana." Dada alikaza mkoba wake. "Nikafika pale penye mlinzi wa getini. Nikajiuliza, je, mimi? Miaka yote nimepokea simu, nimepanga mafaili, nimesafisha choo cha ofisi, sijawahi kupewa kitu mkononi. Nilikuwa naambiwa ni vyetu sote. Wale mawakala walikuwa wanadanganywa kamisheni. Mimi hata ya kudanganywa sikuwa nayo."

"Kwa hiyo umekuja nikuhurumie."

"Nimekuja kufanya kazi. Usinihurumie, hujui namna, utaumia."

Hilo lilimfanya Sindano karibu acheke, na ndiyo maana alikasirika zaidi. Akarudi mezani, akachukua ramani, akapiga duara kwa kalamu nyekundu.

"Nyaya zetu zimefika hapa mwezi huu. Utaanza hapa."

Dada akaangalia. Duara lilizunguka Jengo la Bluu.

Fundi, aliyekuwa nyuma akijifanya anahesabu modemu, alisubiri dada atoke ndipo akatokeza kichwa kwenye pazia. "Yule ni dada yako wa tumbo moja."

"Ndiyo maana nimempa eneo lenye watu."

"Lile jengo wakiona fulana yoyote ya intaneti wanamwaga maji."

"Kwenye tangazo hatukuahidi ukavu."

Fundi alitikisa kichwa akarudi kwenye modemu zake.

Dada alirudi siku ya kwanza na sketi iliyolowa maji ya vyombo. Sindano aliona punje za wali kwenye pindo, akauliza tu, "Wangapi?" Dada akasema hakuna. Siku iliyofuata hakuna. Wiki ile yote hakuna. Kila jioni Sindano aliuliza kwa sauti ile ile, mbele ya wenzake, na kila jioni dada alijibu kwa sauti ile ile. Miwani, ambaye alikuwa ameanza kupata wateja upande wa shule, alijaribu kuomba wabadilishane mitaa. Sindano alimwambia ashughulike na miwani yake.

Halafu Jumatatu moja dada aliingia na fomu mbili zilizojazwa. Jumanne tatu. Sindano alipigia simu wateja wale mwenyewe kuthibitisha, kama alivyofanya kwa kila wakala. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, na Sindano aliitambua kabla hajataja nyumba. Ni yule aliyemwaga begi lake kwenye ngazi.

"Huyu mama wenu ametugongea wiki nzima," mwanamke alisema. "Tumemtukana mpaka tumechoka. Mwisho akakaa pale kwenye ngazi akatuambia, yule binti wa zamani hakuwa mwizi. Akasema, mimi ndiye niliyekuwa kwenye simu. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia mafundi wako njiani, na nilijua hawako. Nitukaneni mimi. Basi tukamtukana tena kidogo, lakini sasa kwa haki. Halafu akatuonyesha tangazo lenu, akasema hata yeye halipwi tusipopenda huduma. Nikasema leta fomu, tuone."

Sindano alishukuru, akakata simu. Akaingia nyuma ya pazia, akasimama kati ya maboksi, akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Hakuwa amemtuma dada aseme yale. Alikuwa amemtuma aaibike tu. Alipotoka, uso ulikuwa mkavu, na fomu zote akazipitisha.

Mkurugenzi alikuja mwezi ulipokaribia kuisha. Shati safi, manukato, tabasamu la kale.

"Shemeji! Yaliyopita si ndwele."

"Kweli. Ndwele hupona."

Mkurugenzi alimeza hilo, akakaa bila kukaribishwa. Alisema ana uzoefu, ana mtandao wa watu, anaweza kuwa meneja wa kanda, wakubaliane tu mshahara wa kuanzia. Sindano alimwachia amalize. Kisha akampa kiti mstari wa mbele, kati ya kijana wa kuuza vocha na mjane mmoja mstaafu, akamsomea tangazo kama anavyowasomea wote. Alipofika kwenye *hapa hakuna mshahara* alisimama kidogo, akanywa maji, akaendelea. Kisha, kwa somo la kugonga milango, akamwita mwalimu. Mwalimu alikuwa dada.

Dada alimfundisha mumewe jinsi ya kubisha hodi, jinsi ya kusimama hatua moja nyuma ya mlango, jinsi ya kusema mapema kama nyumba haina nyaya. Alimwita "wewe wa mbele". Alimrudisha mlangoni mara tatu kwa sababu alikuwa akiingia kabla hajakaribishwa. Mjane alicheka kwa sauti. Sindano alikaa pembeni, kalamu mkononi, na hakuandika chochote. Alitaka kuona tu.

Mkurugenzi alidumu siku chache. Mteja wake pekee alikuwa ndugu yake wa damu, aliyefungiwa laini na hakulipa mwezi wa kwanza, kwa hiyo hapakuwa na kamisheni. Alirudisha fulana kwa kumtuma mtoto. Baadaye Sindano alisikia anauza viwanja, na kwenye tangazo lake la viwanja, watu walikuwa wameandika chini yake, mmoja baada ya mwingine: mkataba uko wapi tuusome?

Mwisho wa mwezi uliofuata, malipo ya kwanza ya dada yalitoka. Hayakuwa makubwa. Yalikuwa chini kidogo ya mshahara wa mlinzi wa getini, na mteja mmoja alikuwa ameshahama. Dada alitazama simu yake, akasoma ujumbe wa malipo, akausoma tena, kisha akaikunja mikono juu ya simu kama mtu anayeficha ndege asiruke. Alikuwa amepanga chumba chake na watoto, karibu na soko. Habari ya mumewe hakuitaja, na hakuna aliyeiuliza.

Ofisi ilikuwa imebaki na wao wawili. Tangu aanze kazi dada alimwita mdogo wake Meneja, na Sindano alimwita Wakala, na nyumbani kwa wazazi hawakuwa wameenda pamoja hata mara moja.

"Meneja," dada alisema. "Umeridhika?"

Sindano alifikiri kwa kweli kabla ya kujibu. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Bado kidogo."

Dada aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu aliyepewa bei na kuiona ya haki. Akavuta ramani, akaitandaza mezani.

"Basi nipe na mtaa wa nyuma ya stendi," alisema. "Na wa kule waliwahi kunipigia simu, nikawaambia mafundi wako njiani."

Sindano alichukua kalamu nyekundu.